Picha Ziliishia Machi

Simu ya Mama Mwana ilifia kwenye ndoo ya achari. Maembe yalikuwa yamelowekwa tangu Ijumaa kwa maji ya chumvi, ndoo iko chini ya kaunta, na simu ilikuwa juu ya gunia la sukari, pembeni kabisa, pale anapoiweka siku zote akipima. Haijulikani nani aliligusa gunia. Tunu, binti anayemsaidia dukani, aliikuta asubuhi alipozamisha mkono kuchota embe la mteja wa kwanza.

Mama Mwana hakupiga kelele. Aliifuta kwa kanga, akamuuzia mteja embe lake, kisha akasema, "Simu ni chombo tu. Picha zangu ziko juu."

Juu, kwa maana aliyofundishwa na Hamza, mtoto wa kaka yake, ndiko picha zinakokwenda zenyewe bila mtu kuzituma. Masika ya 2024 maji yaliingia dukani, hapo Ngamiani, yakalowesha kaunta buku la madeni mpaka wino wote ukawa wa rangi moja. Baada ya hapo Hamza akamwekea bakapu. Kila jioni kabla ya kufunga, Mama Mwana alilifungua buku, akapiga picha kurasa za siku ile, na usiku picha zikapanda kwa bando. Aliipenda sana kazi hiyo. Aliipenda kupita kiasi, maana buku lilipojaa mwezi wa nane hakuliweka. Alihakikisha kila ukurasa umepigwa picha, halafu akamkabidhi Tunu buku zima achane karatasi za kufungia karanga.

Fundi simu alizifungua skrubu, akaitazama bodi chini ya taa yenye kioo cha kukuzia, akamwonyesha kutu ya kijani iliyoota katikati ya vidude. Maji ya bomba, alisema, angejaribu. Chumvi, hapana, tena usiku mzima.

"Nitolee kile kichipu cha picha basi."

"Hata nikikitoa, mama, kimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko humuhumu kwenye bodi iliyokufa. Simu za siku hizi ndivyo zilivyo. Kadi ya kumbukumbu uliweka?"

Hakuweka. Kwa nini aweke, na picha ziko juu? Alinunua simu nyingine palepale, laini yake ikakubali kama haikupatwa na kitu, na jioni Hamza akaja kumwingizia akaunti.

Picha zikaanza kushuka. Harusi ya Pangani. Mwana na cheti chake cha darasa la saba. Mizani mpya. Kurasa za buku, nyingi, zimenyooka, na kidole gumba cha Mama Mwana kimebana kila kona. Halafu picha moja ya katoni za tende zilizopangwa mlangoni, tarehe 9 Machi, mwanzoni mwa mfungo. Baada ya hiyo hakuna kitu.

"Bado zinakuja," alisema Mama Mwana.

Hamza hakujibu. Alikuwa amekwishaingia kwenye mipangilio na kusoma.

"Shangazi, nafasi ilijaa."

"Nafasi ipi? Si wewe uliniambia huko juu hakujai?"

"Nilisema ni kubwa. Unapewa GB 15 za bure. Zamani picha za kawaida zilikuwa hazihesabiwi, ikafika Juni 2021 zikaanza kuhesabiwa. Na humo humo zimo barua pepe zako, na bakapu ya WhatsApp." Akasogeza kioo kwa kidole. "Na hizi."

Hizi zilikuwa video. Kikundi cha akina mama wa maulidi kina watu wengi na kila mmoja ana simu inayorekodi. Kaswida ileile imerekodiwa kutoka pembe tano. Kulikuwa na video ya dakika kumi na moja ya sufuria ya pilau ikipikwa, mtu haonekani, mwiko tu unazunguka. Zote simu ilizipokea, ikazihifadhi, ikazipandisha juu kwa uaminifu, mpaka siku zilipofika tende na nafasi ikaisha.

"Na mimi nisiambiwe?"

"Umeambiwa." Hamza akafungua barua pepe. Zilikuwa zimejipanga, ya Machi, ya Aprili, ya Mei, zote hazijafunguliwa, na mada yake ni ileile. Mama Mwana alikuwa na barua pepe kwa sababu simu haikubali kuwashwa vizuri bila hiyo. Hakujua kwamba kuna mtu anamwandikia huko.

Kilichomponza zaidi, na hili Hamza alilieleza kwa upole, ni kwamba simu ya zamani iliendelea kumwonyesha picha zake zote. Alipiga, akaiona kwenye kioo, akalala. Alama ndogo ya onyo ilikuwa juu kabisa pembeni, kwenye duara la jina lake. Mama Mwana aliikumbuka ile alama. Alidhani ni mapambo.

Usiku ule alijaribu kuandika madeni kwa kichwa. Wadogowadogo aliwakumbuka, wa sabuni na wa vocha. Wakubwa walimchanganya, kwa sababu mkopaji mkubwa hulipa kidogokidogo, leo elfu tano, keshokutwa tatu, na yeye huchukua tena mchele kabla hujafuta. Mume wake marehemu alikuwa akisema deni la namna hiyo halina mwisho, lina vituo.

Asubuhi akaanza kazi ya pili, ambayo Tunu hakuipenda kuiona. Mteja akija, Mama Mwana anaishika simu mpya, anashusha na kupandisha picha za harusi ya Pangani, kioo kimemgeukia yeye.

"Shikamoo Mama Mwana."

"Marahaba. Nalitazama deni lako hapa. Wewe mwenyewe unalijua ni ngapi?"

Wengine walimshangaza. Kijana wa bodaboda alitaja elfu kumi na tisa, naye alikuwa amemwandikia kichwani kumi na mbili. Bibi mmoja alirudi mara ya pili kusema amesahau kibiriti. Mama Asha wa nyumba ya pili alitulia, akatazama rafu za juu, akasema, "Si ilikuwa kumi na nne?"

"Kumi na nne," alisema Mama Mwana, akageukia harusi.

Hakuamini. Mama Asha alimwoza binti mwezi wa saba, na mchele wa shughuli ile haukutoka duka jingine. Lakini ushahidi uko wapi? Tunu alitumwa apekue karatasi za karanga zilizobaki kwenye boksi. Alirudi na nusu ya ukurasa wa Juni, upande wa majina umechanika, umebaki upande wa fedha. Safu nzuri ya tarakimu zisizo na mwenyewe.

Ni Tunu huyohuyo aliyesema, huku akikunja pembe ya karatasi kutengeneza kifuko, "Si ulikuwa unawatumia watu?"

Mama Mwana akaacha kupima.

Kweli alikuwa anawatumia. Wakaidi tu, wale waliokwisha kumpita njia ya nyuma. Aliupiga picha ukurasa wenye jina la mtu na kumtumia kwenye WhatsApp bila neno lolote. Hakuziba majina ya wengine, na kusema kweli lilikuwa kosa, kila mkaidi alisoma na madeni ya majirani. Sasa kurasa zake zilizobaki duniani zilikuwa kwenye simu za watu waliokataa kumlipa. Gumzo zake mwenyewe zilirudi kutoka kwenye bakapu ya WhatsApp, nayo ilikuwa imekwama pia tangu Machi.

Fundi Saidi seremala, mmoja wa wakaidi hao, alikuwa anapiga randa Mama Mwana alipofika. Hakusimamisha kazi.

"Shikamoo haipandi kwangu leo, Mama Mwana. Nimekwambia mwisho wa mwezi."

"Sikuja kudai."

Hapo randa ikasimama.

Alimweleza kwa kifupi, na akaeleza vibaya, maana hakutaka kusema lote. Saidi alisikiliza akipuliza vumbi la mbao kwenye mkono. "Kwa hiyo huna."

"Ninayo ya kichwani."

"Ya kichwani ni ngapi?"

"Nitumie picha kwanza."

Saidi akacheka, akaitoa simu kwenye mfuko wa suruali. Picha alikuwa nayo. Aliitunza, alisema, ili siku Mama Mwana akimtangaza mtaani aende nayo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwani humo kuna majina ya watu wengine, na hilo si halali. Mama Mwana alisema ni kweli si halali, na samahani. Saidi hakutegemea neno hilo, likampunguza kasi.

"Sina bando," alisema mwishowe.

Akamwekea la elfu moja hapohapo. Wakasubiri wote wawili, wamesimama kwenye maranda, mpaka simu mpya ikalia.

Picha ilifika, lakini WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na hii ilipigwa jioni kwa taa ya dukani. Kwa mbali ukurasa ulionekana vizuri kabisa. Ukiukuza, wino ulitawanyika kuwa vijisanduku. Mstari wa saba: Mama Asha, mchele kilo ishirini na tano, mafuta lita kumi, jumla inayosomeka bila shida yoyote, laki moja na kumi na nne. Laki moja ndiyo iliyokuwa imesahauliwa.

"Haya," alisema Mama Mwana polepole. "Haya, Mama Asha."

"Na mimi mstari wa tatu," alisema Saidi, ameinamia kioo. "Elfu thelathini na sita."

"Themanini na sita."

"Hiyo ni tatu, Mama Mwana. Itazame."

"Mimi ndiye niliyeandika. Nane yangu siifungi."

"Nane isiyofungwa ni tatu. Hata mwanao angekwambia."

Alikuza zaidi, tarakimu ikazidi kupotea. Alipunguza, ikawa nane. Saidi akapunguza yake, ikawa tatu. Mama Mwana akatafuta nane nyingine kwenye ukurasa uleule aifananishe, akaipata kwa kijana wa vocha, nayo haikufungwa.

"Umeiona?"

Saidi aliitazama muda mrefu. "Huyo anadaiwa elfu tatu," alisema, lakini sauti ilikuwa imekwisha nguvu.

"Vocha ya elfu tatu sijawahi kumkopesha mtu. Utanitengenezea rafu ya kaunta," alisema Mama Mwana, "yenye ukingo mbele, simu isianguke. Mbao zako. Tunahesabu thelathini, inabaki hamsini na sita."

"Rafu yenye ukingo ni arobaini."

"Thelathini na tano, na usiionyeshe hiyo picha kwa Mama Asha kabla sijafika kwake."

Saidi akachukua futi yake ya chuma juu ya meza. "Kaunta ina urefu gani?"