Sayansi kwa Chupa za Maji: Mwongozo wa Mwalimu wa Kutengeneza Vikasha vya Sayansi

Mwongozo huu ni wa walimu wa sayansi wa shule za msingi za Dodoma, hasa zile zisizo na maabara. Kikasha kimoja kinatosha kundi la wanafunzi 6, hivyo darasa la wanafunzi 60 linahitaji vikasha 10. Usitengeneze vyote 10 kwa mkupuo. Tengeneza kimoja, kijaribu mwenyewe mpaka kikupe jibu lilelile mara tatu mfululizo, ndipo unakili vingine. Kifaa ambacho hakijapimwa ni mchezo tu, na mwanafunzi akiona majibu ya makundi hayafanani ataamua kwamba sayansi ndiyo inayobahatisha.

Kukusanya na kusafisha

Waombe wanafunzi walete chupa za plastiki za maji za mililita 500 na za lita 1.5, pamoja na vifuniko vyake. Chagua zenye ukuta ulionyooka. Zenye kiuno katikati ziweke kando kwa kazi zisizo za kupimia.

Kuna chupa zisizoingia darasani hata zikioshwa mara ngapi: zilizowekwa dawa za kupulizia mizabibu, maji ya betri za gari, au mafuta ya taa. Chupa ambayo hujui ilibeba nini, itupe. Mabomba ya sindano nunua mapya duka la dawa, ya mililita 10 na 20, na sindano yenyewe iache hapohapo dukani. Usipokee bomba lililookotwa.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji ya moto sana hukunja chupa hizi, na ikishajikunja hairudi. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke chupa kwenye jiko wala usimiminie maji yaliyotoka kuchemka.

Kukata: toboa tundu la kuanzia kwa ncha ya kisu, kisha endelea na mkasi. Ukingo uliokatwa ni mkali. Gusisha ukingo huo kwenye pasi yenye moto wa kadiri, iliyofunikwa kwa karatasi, kwa sekunde 2 au 3. Plastiki itajikunja kwa ndani na haitakata mtu. Matundu ya kwenye kifuniko toboa kwa msumari uliopashwa kwenye mkaa na kushikwa kwa koleo. Kazi hizi mbili ni za mwalimu, nje, penye upepo.

Kipimio cha ujazo: anza na hiki

Vifaa vingine vyote vinategemea hiki. Unahitaji chupa ya mililita 500, bomba la sindano la mililita 20, utepe wa karatasi wa upana wa sentimita 2, seloteipu pana na makapeni.

1. Kata chupa pale bega linapoanza. Bandika utepe wa karatasi wima kuanzia kwenye kitako.
2. Weka chupa mezani. Hakikisha meza haijainama: maji kwenye sahani yakae sawa pande zote.
3. Mimina mililita 60 kwa bomba bila kuweka alama. Kitako cha chupa kina mabonde, na alama za hapo chini hudanganya.
4. Weka alama ya 60. Endelea kwa mililita 20 kila mara, ukiweka alama mpaka 400.
5. Funika utepe wote kwa seloteipu, la sivyo wino utafutika siku ya kwanza.

Usitumie rula kugawanya alama. Chupa nyingi zina mikunjo ubavuni, kwa hiyo mililita 20 za chini hazina urefu sawa na mililita 20 za juu. Maji yenyewe ndiyo yakuonyeshe mahali pa alama.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni hewa ndani ya bomba: ligeuze mdomo juu, gonga kwa kidole, sukuma hewa itoke, kisha soma kwenye ukingo wa mbele wa mpira. La pili ni kusoma huku umeshika chupa. Vidole vikibana ukuta, maji hupanda. Chupa isomwe ikiwa mezani, jicho likiwa usawa wa maji, pale katikati yalipobonyea. La tatu ni kudhani chupa ikijaa hadi mdomoni ndiyo mililita 500. Ujazo ulioandikwa kwenye lebo huishia chini ya mdomo.

Mizani

Chukua rula ya mbao ya sentimita 30. Toboa tundu kwenye alama ya 15, karibu na ukingo wa juu, si katikati ya upana. Tundu likiwa katikati au chini, mizani haitulii. Inaangukia upande mmoja na kubaki huko. Sahani ni vitako viwili vya chupa vyenye kina cha sentimita 3, kila kimoja kikining'inia kwa nyuzi tatu za sentimita 20. Zikiwa tupu na upande mmoja umelalia chini, bandika vipande vya seloteipu upande mwepesi mpaka zilingane.

Mawe ya mizani hayanunuliwi. Mililita 1 ya maji ina gramu 1, kwa hiyo mimina mililita 10 kwenye sahani moja, kisha ongeza mchanga mkavu upande wa pili mpaka rula ilale sawa. Funga mchanga huo kwenye kitambaa: hapo una jiwe la gramu 10. Kitambaa na uzi wa kufungia navyo vina uzito, kwa hiyo viwe sahanini tangu mwanzo. Tengeneza ya 10, 20, 20 na 50. Miezi ya upepo, Juni hadi Agosti, funga madirisha ya upande wa upepo kabla ya kupima.

Kipimamvua

Hiki kiwe tayari kabla ya Desemba. Mvua za Dodoma huanza hapo na kuisha Aprili, na kwa mwaka mzima hufika milimita 600 hivi, kwa hiyo kila siku ya mvua isiyorekodiwa ni hasara.

Kata chupa ya lita 1.5 pale bega linapokutana na ukuta ulionyooka. Changanya saruji kikombe 1 na mchanga vikombe 3, weka ndani mpaka kimo cha sentimita 4, sawazisha juu na uache siku 2. Saruji inafuta mabonde ya kitako na kuzuia chupa isipeperuke. Kisha jaza maji, acha usiku kucha ili saruji inywe ishibe, na uyamwage.

Sasa hesabu. Pima kipenyo cha mdomo uliokatwa. Kikiwa sentimita 8.8, nusu yake ni 4.4, na eneo ni 3.14 × 4.4 × 4.4, yaani sentimita za mraba 60.8. Mvua ya milimita 10, ambayo ni sentimita 1, italeta mililita 60.8. Mimina mililita 61 kwa bomba, weka alama ya milimita 10. Ongeza 61 nyingine, alama ya 20. Endelea hadi 100. Chupa yako ikiwa na kipenyo kingine, rudia hesabu. Usinakili namba ya hapa. Hili ni somo zuri la hisabati la darasa la 7, na wanafunzi wenyewe wanaweza kulifanya.

Pindua kipande cha juu kisicho na kifuniko, kikae ndani kama faneli, ukingo kwa ukingo. Faneli hupunguza maji kukauka, na kwa jua la huku hilo si jambo dogo. Funga chupa kwenye kigingi kilichosimikwa ardhini, mdomo uwe sentimita 30 juu ya ardhi ili matope yasirukie ndani. Iwe mbali na jengo au mti kwa angalau mara 2 ya kimo chake. Isomwe kila siku saa 3 asubuhi, imwagwe, iandikwe. Siku isiyo na mvua iandikwe 0, kwa sababu nafasi tupu kwenye daftari haisemi kama mvua haikunyesha au zamu ilisahau.

Kionyeshi cha asidi na besi kwa choya

Choya inalimwa mkoani na inauzwa sokoni ikiwa kavu. Chukua gramu 10, loweka kwenye mililita 200 za maji ya moto ndani ya bakuli la udongo au kikombe cha bati la rangi, dakika 15, kisha chuja kwa kitambaa cheupe. Epuka sufuria ya alumini. Asidi ya choya humenyuka na metali hiyo na rangi inaweza kubadilika kabla hujaanza.

Weka mililita 5 za kila kitu kwenye kifuniko au kitako cha chupa, ongeza matone 5 ya choya. Limau, ukwaju na unga wa ubuyu uliokorogwa vitabaki vyekundu. Magadi na maji ya majivu vitageuka vya kijani au bluu iliyofifia. Sabuni ya unga pia huelekea huko. Rangi ya kijani ikiachwa hugeuka njano, kwa hiyo makundi yaandike wanachoona ndani ya dakika 2.

Tatizo la huku ni maji. Maji ya visima vingi yana madini na yanaweza kuigeuza choya kuwa zambarau chafu kabla ya kuongeza chochote. Tumia maji ya mvua au ya chupa kwa kulinganisha, kisha maji ya kisima cha shule yawe sampuli mojawapo. Choya huota ukungu baada ya siku 2 au 3. Chovya vipande vya karatasi nyeupe ya kawaida, kausha kivulini, hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko.

Mapafu na umeme

Mfano wa mapafu hushindwa kwa sababu moja: hewa inavuja. Tumia ganda gumu la kalamu ya wino badala ya mrija laini, na uzibe kwa seloteipu kile kitundu kidogo kilicho ubavuni mwa ganda. Lipitishe kwenye kifuniko, zungushia gundi, funga puto ndogo kwa mpira upande wa ndani. Nusu ya juu ya chupa ifunikwe chini kwa puto kubwa iliyokatwa. Ivute sentimita 2 tu. Waambie wanafunzi kwamba mwilini mbavu nazo husogea, na mapafu hujaza kifua. Mfano huu hauonyeshi hayo.

Kwa umeme, betri 2 za tochi zinatosha balbu ya volti 2.5. Vizibo vya soda vya bati vinafaa kuwa swichi, ila vina rangi isiyopitisha umeme: visugue kwa msasa mpaka bati ling'ae. Kupima kama maji ya chumvi yanapitisha umeme, betri 2 hazitoshi. Weka 4, diodi nyekundu inayotoa mwanga na rezista ya omu 220 kutoka kwa fundi redio. Bila rezista, waya zikigusana diodi inaungua papo hapo.

Kutunza

Kila kikasha kiwe na orodha iliyobandikwa ndani ya mfuniko, na kiongozi wa kundi ahesabu kabla ya kengele. Betri zitolewe baada ya kipindi. Puto hukauka na kupasuka zikikaa juani. Nunua mpya kila muhula. Kipimajoto cha dukani kikisoma nyuzi 96 maji yanapochemka, usikitupe: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo.