Orodha ya Ukaguzi wa Jalada: Taarifa ya Rufaa kwa Baraza, Kukataliwa Kuhuishwa kwa Leseni ya Kuchakata Betri Chakavu

Karatasi hii ikae juu kabisa ya jalada. Anayeshika jalada atie alama na tarehe kwenye kila kisanduku. Wakili asitie saini taarifa mpaka sehemu ya 2 hadi ya 4 ziwe zimejaa, ila kisanduku cha saini.

Rufaa kwa ufupi. Mrufani ni kampuni yenye karakana ya kuchakata betri chakavu. Mjibu rufaa ni Mamlaka iliyotoa leseni. Majirani 4 waliotia saini barua ya pingamizi wametajwa ndani ya uamuzi, kwa hiyo nao wanaingia kama wahusika wenye maslahi. Uamuzi una tarehe 3 Machi 2025 na ulipokelewa 6 Machi 2025. Leseni ya sasa inaisha 31 Machi 2025.

1. Siku

Kanuni za Baraza zinatoa siku 30 tangu mrufani alipopata uamuzi, siku ya kupokea haihesabiwi. Siku ya kwanza ni 7 Machi, ya 30 ni Jumamosi 5 Aprili. Usijifariji kwamba siku ya mwisho ikiangukia mwisho wa juma inasogea hadi Jumatatu. Mjibu rufaa akidai siku ya kupokea nayo ihesabiwe, muda unaisha Ijumaa tarehe 4, na tutakuwa tunajibu pingamizi la awali badala ya kusikilizwa kwenye rufaa yenyewe.

Hata hivyo saa inayotubana si hiyo. Ni ile ya leseni. Leseni ikishakufa usiku wa 31 Machi, Baraza haliwezi kuiacha iendelee, kwa sababu hakuna kinachoendelea. Ndiyo maana jalada hili linafunguliwa mapema:

☐ Kufungua rufaa pamoja na maombi ya amri ya muda: Jumanne 25 Machi 2025, kabla ya saa 6 mchana
☐ Kukabidhi nyaraka kwa wahusika wote: Jumatano 26 Machi (mwisho wa siku 7 za kanuni ni Jumanne 1 Aprili)
☐ Kuwasilisha kiapo cha makabidhiano: Alhamisi 27 Machi

Ukiwasilisha kwa mtandao, kumbuka mfumo unapokea usiku kucha lakini masijala inahesabu siku kwa saa za kazi. Faili lililotumwa jioni linagongwa muhuri wa kesho yake.

2. Yaliyomo kwenye taarifa (kurasa 6)

☐ Jina la mrufani limenakiliwa herufi kwa herufi kutoka cheti cha usajili wa kampuni. Maombi ya leseni yaliandikwa kwa jina la kibiashara lililopo kwenye bango la karakana, na uamuzi ukafuata jina hilohilo. Kwenye taarifa andika jina la cheti, kisha "inayofanya biashara kwa jina la", kisha jina la bango. Mkurugenzi si mrufani, hata kama barua ya kukataliwa ilianza kwa kumsalimu yeye.

☐ Mjibu rufaa ni Mamlaka, si afisa aliyetia saini barua.

☐ Majirani wote 4 wametajwa kwa majina yaliyo kwenye barua yao ya pingamizi. Kumwacha mmoja ni kumpa sababu ya kuja baadaye kuomba amri ifutwe kwa kuwa hakusikilizwa.

☐ Uamuzi umetambulishwa kwa kumbukumbu namba, tarehe yake na tarehe ya kupokelewa. Zote tatu. Taarifa inayotaja tarehe ya uamuzi peke yake inamlazimu karani ahesabu siku kutoka hapo.

☐ Sehemu ya uamuzi inayokatiwa rufaa imesemwa wazi: aya ya 7 na ya 9. Aya ya 8, inayotutaka tuongeze tangi la kuzimulia asidi, haipingwi, tangi limeshaagizwa. Ukiandika "uamuzi wote" utajikuta unapinga jambo ambalo mteja amekwisha kulikubali kwa maandishi.

☐ Sababu za rufaa ni 4, kila moja aya moja, isiyo na hoja ndefu wala majina ya kesi. Maneno yaliyokubaliwa ni haya:

1. Mamlaka ilikosea kisheria kwa kutegemea ripoti ya ukaguzi wa 21 Januari 2025 ambayo mrufani hakupewa wala kuitwa kuijibu kabla ya uamuzi.
2. Mamlaka ilikosea kwa kutumia kipimo cha madini ya risasi kilichochukuliwa nje ya mpaka wa kiwanja bila kueleza jinsi kinavyohusishwa na karakana.
3. Mamlaka ilikosea kwa kuichukulia barua ya pingamizi ya majirani kuwa ushahidi uliothibitishwa.
4. Mamlaka ilikosea kwa kukataa moja kwa moja bila kufikiria kuhuisha leseni kwa masharti, ilhali ina uwezo huo.

Sababu ya kwanza ndiyo mhimili, iachwe mwanzoni. Rasimu ya awali ilikuwa na sababu 11; nyingi zilikuwa sababu hii ya kwanza iliyovalishwa kanzu tofauti. Wajumbe wakiona rundo la sababu huanza kutafuta ile dhaifu.

☐ Nafuu zinazoombwa, kwa mpangilio: aya ya 7 na ya 9 zitenguliwe; maombi yarudishwe kwa Mamlaka yasikilizwe upya baada ya mrufani kupewa ripoti; kwa namna mbadala, leseni ihuishwe kwa masharti; gharama. Baraza kwa kawaida halitoi kisichoombwa, hivyo nafuu mbadala isisahaulike.

☐ Anwani ya kupokelea nyaraka ni ya ofisi ya wakili, na barua pepe inayofunguliwa kila siku.

☐ Tarehe, saini na aya ya uthibitisho. Mkurugenzi athibitishe kwa kutenganisha aya anazozijua mwenyewe na zile alizoelezwa na wakili. "Yote ni kweli kwa ufahamu wangu" chini ya taarifa yenye hoja za kisheria huzua maswali yasiyo ya lazima.

3. Maombi ya amri ya muda

Kufungua rufaa hakusimamishi uamuzi. Na hapa pana mtego: uamuzi wa kukataa hauna cha kusimamishwa. Ukiomba tu "utekelezaji usimamishwe", hata ukipewa, karakana inabaki bila leseni. Ombi liwe kwamba leseni iliyopo ihesabiwe kuwa hai mpaka rufaa iamuliwe.

☐ Hati ya maombi imejitenga na taarifa ya rufaa
☐ Cheti cha dharura kinataja 31 Machi kwenye mstari wake wa kwanza
☐ Kiapo cha mkurugenzi kinaeleza madhara kwa ukweli unaopimika: tani 14 za betri zilizokwisha kupokelewa, ambazo haziwezi kuchakatwa wala kurudishwa bila leseni. Hoja hii inagusa mazingira pia, na ina uzito kuliko hasara ya fedha.
☐ Mahali na tarehe ya kuapa vimeandikwa na aliyeapisha, kwa mkono wake. Kiapo kisicho na mahali pa kuapia hutupwa hata kama kila neno ndani yake ni kweli.
☐ Aliyeapisha si wakili wa jalada hili

4. Viambatisho (kurasa 32)

☐ A: barua ya uamuzi, nakala iliyothibitishwa, kurasa 4
☐ B: bahasha yenye muhuri na ukurasa wa daftari la barua unaoonyesha 6 Machi, kurasa 2
☐ C: maombi ya kuhuisha ya 14 Novemba 2024 pamoja na stakabadhi yake, kurasa 19
☐ D: leseni inayoisha, kurasa 2
☐ E: barua yetu ya 10 Machi ya kuomba ripoti ya ukaguzi, ikiwa na muhuri wa kupokelewa, kurasa 3
☐ F: azimio la bodi la kukata rufaa, ukurasa 1
☐ G: barua ya kumteua wakili, ukurasa 1

Ripoti yenyewe hatuna. Usiache pengo wala usiandike "itawasilishwa baadaye" bila maelezo. Kiambatisho E ndicho kinachosema kwamba tuliiomba na hatukupewa, nacho kinaibeba sababu ya kwanza. Ikifika kabla ya 25 Machi, iende kwa wakili siku hiyohiyo kwa sababu sababu ya pili inaweza kubadilika.

Azimio F liwe na tarehe iliyotangulia saini ya taarifa. Azimio la baadaye hufungua mlango wa kudai kwamba kampuni haikuwa imeamua kukata rufaa.

Namba za kurasa ziende mfululizo: taarifa 1 hadi 6, faharasa ukurasa wa 7, viambatisho 8 hadi 39. Kila kiambatisho kinachotajwa kwenye taarifa kitajwe pamoja na ukurasa wake. Hesabu mara ya mwisho kwenye nakala iliyochapwa, si kwenye skrini. Kiambatisho C kina kurasa mbili zilizochapwa pande zote na mashine ya kuskani huziruka upande wa nyuma.

Seti ni 10: asili ya masijala, 3 za wajumbe, 1 ya Mamlaka, 4 za majirani, 1 yetu. Maombi ya amri ya muda yapate seti 10 zake.

5. Ada

☐ Ada ya rufaa na ada ya maombi zimelipwa kila moja kwa namba yake ya malipo. Kuzijumlisha kwenye namba moja huacha moja ikisomeka kuwa haijalipwa.
☐ Ada ya kila kiambatisho na ya kiapo imeangaliwa kwenye jedwali la ada linalotumika sasa, si kwenye stakabadhi ya jalada la zamani
☐ Malipo yamefanyika Jumatatu 24 Machi, ili benki ipate usiku mmoja wa kuyafikisha
☐ Jina la mlipaji ni la mrufani. Mkurugenzi akilipa kwa akaunti yake, ambatisha barua fupi ya kueleza
☐ Stakabadhi ya masijala ipo mkononi. Ujumbe wa simu unaothibitisha kwamba fedha zimetoka si stakabadhi, na masijala nyingi huhesabu rufaa kuwa imefunguliwa siku ada ilipoingia.

6. Makabidhiano

☐ Seti zilizotoka masijala zina muhuri na namba ya rufaa kwenye ukurasa wa kwanza. Usikabidhi nakala isiyo na namba.
☐ Mamlaka: masijala ya kitengo cha sheria. Mlinzi wa getini na dawati la mapokezi hawahesabiki, hata wakigonga muhuri.
☐ Majirani: kila mmoja mkononi mwake. Barua ya pingamizi ina anwani moja tu, ya aliyeiandika, lakini hakuna hati inayoonyesha wengine walimruhusu awapokelee.
☐ Anayepokea aandike jina, cheo au uhusiano, tarehe na saa, kisha atie saini kwenye nakala ya ukurasa wa kwanza. Beba nakala 5 za ukurasa huo.
☐ Akikataa kutia saini, mwachie nyaraka mbele yake, andika saa na maneno aliyosema, na umtaje shahidi aliyekuwepo. Usigombane.
☐ Asipopatikana mara mbili kwa siku tofauti, simama. Kubandika mlangoni au kutuma kwa barua pepe kunahitaji ruhusa ya Baraza kwanza.
☐ Kiapo cha makabidhiano kinaapwa na yule aliyepeleka kwa miguu yake, si na wakili, na kinaambatisha kurasa zote 5 zilizosainiwa.

Kiapo hicho kikishapokelewa masijala, muulize karani tarehe ya kutajwa kwa maombi ya amri ya muda na uiandike hapa chini kwa kalamu nyekundu. Ikiwa ni baada ya 31 Machi, barua ya kuomba tarehe ya karibu iende kwa msajili siku hiyohiyo, ikirejea cheti cha dharura.