Uthibitisho wa pembetatu PAM na EDM katika mchoro wa mtumbwi wa Kibirizi

Marahaba, mwanangu. Picha ya daftari uliyonitumia nimeikuza kwenye simu na kuisoma yote, mchoro pamoja na maneno ya swali yaliyo chini yake. Hapa naandika uthibitisho wote kwa safu mbili, kauli upande wa kushoto na sababu yake upande wa kulia, ili uulinganishe na ule ulioanza kuuandika mwenyewe pembeni mwa mchoro.

Kwanza tukubaliane swali linasema nini. Mtumbwi umetia nanga ziwani mbele ya mwalo wa Kibirizi, mahali palipoandikwa P. Mwanafunzi anasimama ufukweni kwenye A, mahali ambapo mstari wa kutoka A kwenda mtumbwini unakutana na mstari wa ufukwe kwa pembe mraba. Anatembea kwa kuunyoosha ufukwe mpaka M, anasimika kigingi, kisha anaendelea kwenye mstari uleule mpaka D, na M iko katikati ya AD. Akifika D anageuka kwa pembe mraba kuelekea nchi kavu, akilipa ziwa kisogo, na anatembea mpaka E, mahali ambapo kigingi cha M na mtumbwi wa P anaviona vimekaa kwenye mstari mmoja. Umbali wa kutoka D mpaka E ameupima kwa kamba, nao ni mita 84. Swali linataka mambo manne: (a) uthibitishe kwamba pembetatu PAM na EDM zinalingana kwa umbo na kwa ukubwa; (b) uthibitishe kwamba PA = ED; (c) uthibitishe kwamba PD = EA; na (d) utaje umbali wa mtumbwi kutoka A.

Kabla ya kuandika kauli ya kwanza, itazame tena picha yako. Simu uliishika kwa kuiinamisha, kwa hiyo upande wa daftari uliokuwa karibu na kamera umetokea mkubwa kuliko upande wa mbali: AM inaonekana ndefu kuliko MD, na pembe ya D inaonekana imepanuka kupita nyuzi 90. Tena mwanga wa simu umeng'aa juu ya MD na kukifuta kistari kidogo kinachoukata upande huo, huku kile cha AM kikionekana vizuri. Hayo yote hayaudhuru uthibitisho, kwa sababu hatuchukui chochote kwa kukadiria kwa macho. Tunachukua kijisanduku kilichochorwa kwenye A na kingine kwenye D, ambavyo ndivyo alama ya pembe mraba, na tunachukua maneno ya swali. Kistari kilichofutika kwenye MD hakitukwamishi, maana swali lenyewe limeandika kwamba M iko katikati ya AD, na maneno hayo yanatosha.

Sehemu (a) na (b)

Yaliyotolewa: PA na ED zinakutana na AD kwa pembe mraba; M ni nukta ya katikati ya AD; A, M na D ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka, na P, M na E ziko kwenye mstari mwingine mmoja ulionyooka.

Yanayotakiwa kuthibitishwa: △PAM ≅ △EDM, na kisha PA = ED.

| Kauli | Sababu |
|---|---|
| 1. PA ⊥ AD na ED ⊥ AD. | Imetolewa katika swali, na vijisanduku vya A na D vinaonyesha hivyo. |
| 2. ∠PAM = 90° na ∠EDM = 90°. | Mistari inayokutana kwa pembe mraba hufanya pembe ya nyuzi 90; na kwa kuwa M iko juu ya AD, ∠PAM ndiyo ∠PAD, na ∠EDM ndiyo ∠EDA. |
| 3. ∠PAM = ∠EDM. | Vitu viwili vilivyo sawa na kitu kimoja ni sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Hapa kila pembe ni nyuzi 90 (hatua ya 2). |
| 4. M ni nukta ya katikati ya AD. | Imetolewa katika maneno ya swali. |
| 5. AM = DM. | Nukta ya katikati huugawa mstari katika sehemu mbili zilizo sawa (hatua ya 4). |
| 6. AD na PE ni mistari iliyonyooka inayokatana kwenye M. | Imetolewa: M iko juu ya AD, na E imechaguliwa ili P, M na E ziwe kwenye mstari mmoja. |
| 7. ∠PMA = ∠EMD. | Mistari miwili iliyonyooka ikikatana, pembe zinazotazamana ni sawa (hatua ya 6). |
| 8. △PAM ≅ △EDM. | Pembe, upande, pembe: pembe mbili na upande ulio kati yake katika pembetatu moja ni sawa na pembe mbili na upande ulio kati yake katika pembetatu ya pili (hatua ya 3, 5 na 7). |
| 9. PA = ED. | Pembetatu zikilingana, pande zake zinazoitikiana ni sawa (hatua ya 8). |

Hatua ya 6 naiona wanafunzi wengi wakiiruka, na ndiyo inayobeba kazi yote ya yule mtu wa ufukweni. Kama angesimama pembeni kidogo ya mstari unaotoka mtumbwini kupitia kigingi, PM na ME zisingekuwa mstari mmoja, pembe za hatua ya 7 zisingekuwa pembe zinazotazamana, na tusingekuwa na haki ya kuandika kwamba ni sawa. Ukitaka kujua kwa nini pembe zinazotazamana ni sawa, tazama ∠PMD, iliyo jirani na zote mbili. Kwa kuwa AD imenyooka, ∠PMA + ∠PMD = 180°; na kwa kuwa PE imenyooka, ∠EMD + ∠PMD = 180°. Ukiondoa ∠PMD pande zote mbili, kinachobaki ni ∠PMA = ∠EMD. Kwenye mtihani si lazima uyaandike haya, kwa kuwa kanuni hiyo inakubalika ikitajwa tu, ila ni vizuri uyajue.

Katika hatua ya 8 zingatia pia mpangilio wa herufi. Pembeni mwa daftari lako umeandika △PAM ≅ △MDE. Ukiandika hivyo unadai kwamba P inaitikiana na M, A na D, na M na E, yaani kwamba PA = MD na AM = DE, jambo ambalo hakuna lililolithibitisha. Kipeo chenye pembe mraba kiitikiane na kipeo chenye pembe mraba, yaani A na D. M ni ya pembetatu zote mbili, kwa hiyo inaitikiana na M yenyewe. Zinazobaki ni P na E. Ndiyo maana herufi zinafuatana hivi: PAM, EDM. Mpangilio ukiwa sahihi, sababu ya hatua ya 9 inasomeka kwenye majina yenyewe: herufi mbili za mwanzo za jina la kwanza ni PA, na za jina la pili ni ED.

Njia hii ya kupima umbali wa chombo kilicho majini ni ya zamani sana. Proklo, aliyeandika maelezo juu ya kitabu cha kwanza cha Euklidi katika karne ya 5 baada ya Kristo, anaeleza kwamba Eudemo, mwandishi wa kale wa historia ya jiometri, aliihusisha kanuni hii ya pembe mbili na upande mmoja na Thale wa Mileto, mwanafalsafa wa Kigiriki, kwa hoja kwamba namna inayosemwa Thale aliitumia kupata umbali wa merikebu baharini haiwezekani bila kanuni hiyo. Kwa Euklidi mwenyewe ni hoja ya 26 ya kitabu hicho.

Sehemu (c)

Hapa ndipo kazi yako ilipokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chora PD na EA kwa mistari ya nukta, upate pembetatu mbili nyingine, PMD na EMA. Kwenye daftari ulianza kwa kuandika "PM = EM, imetolewa". Haikutolewa. Swali linasema M ni katikati ya AD, halisemi popote kwamba M ni katikati ya PE, na kwenye mchoro PM na EM hazina vistari vya usawa. Ni kweli kwamba zina urefu mmoja, lakini ukweli huo unazaliwa na hatua ya 8, kwa hiyo hauwezi kutumika kabla yake. Kama ungeitumia PM = EM kuthibitisha hatua ya 8, halafu ukaitumia hatua ya 8 kuthibitisha PM = EM, ungekuwa umezunguka na kurudi ulipoanzia bila kuthibitisha lolote. Sasa kwa kuwa hatua ya 8 imekwisha kusimama, tuna haki ya kuendelea.

Yanayotakiwa kuthibitishwa: PD = EA.

| Kauli | Sababu |
|---|---|
| 10. PM = EM. | Ni pande zinazoitikiana za pembetatu zinazolingana, PAM na EDM (hatua ya 8). |
| 11. DM = AM. | Imekwisha kuthibitishwa katika hatua ya 5. |
| 12. ∠PMD = ∠EMA. | Ni pembe zinazotazamana pale AD na PE zinapokatana (hatua ya 6). |
| 13. △PMD ≅ △EMA. | Upande, pembe, upande: pande mbili na pembe iliyo kati yake ni sawa katika pembetatu zote mbili (hatua ya 10, 12 na 11). |
| 14. PD = EA. | Ni pande zinazoitikiana za pembetatu zinazolingana (hatua ya 13). |

Hakikisha kwamba pembe ya hatua ya 12 iko kati ya pande mbili ulizozitaja, yaani PM na DM upande mmoja, EM na AM upande wa pili. Pembe ingekuwa nje ya pande hizo, kanuni ya upande, pembe, upande isingefaa, maana inawezekana kuchora pembetatu mbili zenye pande mbili sawa na pembe moja sawa isiyo kati yake, na bado zikatofautiana.

Sehemu (d)

Kwa hatua ya 9, PA = ED. Kamba ilisoma ED = mita 84. Kwa hiyo mtumbwi uko mita 84 kutoka A. Urefu wa AM hautakiwi kabisa katika jibu hili. Kinachotakiwa ni kwamba AM na DM ziwe sawa, ziwe mita 20 au mita 50. Kwa hiyo zile mita 30 ulizokadiria kwa kupima mchoro kwa rula zifute, kwa sababu swali halikuzitoa na hakuna hatua inayozihitaji.