YAH: OMBI LA RATIBA MAALUMU YA KAZI KWA AJILI YA KUSAFISHA DAMU

Nyasaka, Ilemela
3 Machi 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Kiwanda cha Minofu ya Samaki,
Ilemela, Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wa mapokezi ya samaki, zamu ya asubuhi. Figo zangu zimeshindwa kazi, na daktari ameagiza nisafishwe damu Hospitali ya Bugando mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Barua yake nimeiambatanisha.

Nimepangiwa mashine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa 8 mchana. Natakiwa kufika mapema nipimwe uzito na presha. Jumamosi haina shida, maana tunatoka saa 6. Kwa hiyo naomba kuanzia Jumanne, 18 Machi 2025, ratiba yangu iwe hivi:

Jumanne na Alhamisi: saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, pamoja na mapumziko ya saa moja
Jumatatu na Ijumaa: saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni
Jumatano na Jumamosi: kama kawaida

Kuingia saa 12 hakuna hasara kwa kiwanda. Malori ya sangara kutoka mialoni huanza kushusha alfajiri, na mzani hukaa bila karani hadi saa 1. Jumatano sikuiongeza kwa makusudi, kwani siku inayofuata mashine mwili huwa mzito. Ijumaa nitajikaza.

Kwa hesabu hiyo napungukiwa saa 2 kwa wiki, yaani kama siku 13 za kazi kwa mwaka. Naomba zihesabiwe kwenye likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 katika miezi 36, na 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili. Sheria inazungumzia siku, si saa, ndiyo maana naomba tukubaliane kwa maandishi.

Siku hizi za mashine haziwezi kusogezwa, hata wiki ya kuhesabu stoo. Nikikosa mashine, maji na chumvi ya potasiamu hujaa mwilini, na moyo unaweza kusimama. Isitoshe, mashine ina foleni yake, na nafasi yangu ikipita siku hiyo sina uhakika wa kupata nyingine.

Jambo jingine: mkono wa kushoto umeunganishwa mshipa wa kuchomea sindano, hivyo sitanyanyua kreti. Kalamu na mzani naviweza.

Wenzangu wa zamu nitawaeleza mwenyewe. Naomba majibu kabla ya 14 Machi, ili niithibitishie hospitali nafasi hiyo.

Wako mtiifu,

Veronika Magesa
Karani wa Mapokezi

Nakala: Msimamizi wa zamu ya asubuhi