Maombi ya Upekuzi wa Hati Miliki: Ofisi ya Ardhi, Mkoa wa Tanga

Kiwanja: Na. 118, Kitalu C, Makorora, Jiji la Tanga
Ramani ya upimaji: E' 214/63
Matumizi: makazi
Mmiliki anayetajwa: Mwanaidi Salimu Kombo, peke yake
Mwombaji: mnunuzi mtarajiwa
Kundi la ada: upekuzi, si uhamisho wa miliki

Maelezo ya mwombaji:
Naomba kujua kama kuna rehani ya benki, zuio la mahakama au tahadhari yoyote chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334. Muuzaji ni mjane, na watoto wa marehemu mumewe wanaishi humo. Naomba hasa tarehe jina lake lilipoandikwa na kwa waraka gani: kununuliwa au mirathi. Sitalipa hata arubuni kabla ya majibu yenu, nisije nikawatoa warithi nyumbani kwao.