Skonzi Arobaini

Saa nne usiku, katika nyumba moja ya Kongowea, Mombasa, binti alikumbuka kwamba alikuwa ameahidi kupeleka skonzi 40 kwenye maonyesho ya shule asubuhi itakayofuata. Baba yake, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa amejifunza kupika chapati tu, na hizo nazo hazikuwahi kuwa za duara, alipima kilo mbili za unga wa ngano, akatia sukari, hamira, iliki iliyotwangwa na tui la nazi vuguvugu, kisha wakakanda kwa zamu hadi donge likaacha kunata mikononi.

"Baba, mbona haliumuki?"

"Subira, mwanangu. Hamira haijui kwamba kesho kuna shule."

Kwa kuwa hawakuwa na tanuri, walioka ndani ya sufuria, makaa yakiwa chini na mengine juu ya kifuniko. Za kwanza ziliungua. Wakazila wenyewe kwa chai ya mkandaa. Saa tisa na nusu, zilipoepuliwa za mwisho, binti alikuwa amelala mkekani, unga ukiwa bado kwenye nyusi zake, na baba akaanza kuzihesabu. Zilikuwa 31.

Akaufungua tena mfuko wa unga.