Kodi ya Mwezi wa Saba

Bibi alikuwa analalamikia makato. Kila Kabula alipomtumia hela ya mwisho wa mwezi, Bibi alidai imefika pungufu, kwamba watu wa simu wanamnyonya na hela siku hizi inaisha humo humo kwenye laini. Kabula anashika vitabu vya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Nyakato, na malalamiko ya namna hiyo hawezi kuyaacha yapite. Jumamosi ya kwanza ya Septemba 2025 akampeleka Bibi mjini, kwenye ofisi ya huduma kwa wateja. Bibi akatoa kitambulisho cha NIDA, akabonyeza dole gumba kwenye kimashine, wakachapiwa taarifa ya miamala ya miaka mitatu.

Wakarudi Kirumba. Kabula akakaa kibarazani na rula na kalamu nyekundu, harufu ya dagaa ikipanda kutoka Mwaloni, akaanza kushuka mstari kwa mstari. Ada za kutoa hela zilikuwa zile zile zinazokata watu wote. Luku. Vocha. Duka la dawa, shilingi 18,000 kila mwezi, za presha. Hakuna aliyekuwa amemwibia Bibi.

Kisha rula ikasimama. Tarehe 11 Julai 2023, shilingi 27,600, Malipo ya Serikali. Akafunua kurasa mbele. Tarehe 9 Julai 2024, shilingi 27,600. Tarehe 10 Julai 2025, kiasi hicho hicho. Pembeni namba ndefu inayoanza na 99, kama namba zote za malipo ya serikali.

Malipo gani? Bibi hana gari wala leseni ya biashara. Kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Na nyumba yenyewe imejengwa juu ya majabali ya Kirumba, haijapimwa, haina hati, kwa hiyo haidaiwi pango la ardhi. Kabula akarudi kwenye mistari ya duka la dawa, safari hii akitazama mwezi wa saba tu. Julai 2023, shilingi 9,000. Julai 2024, shilingi 9,000. Julai iliyopita, 9,000.

"Bibi, mwezi wa saba huwa unameza dawa nusu?"

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Nani kakwambia?"

"Karatasi imeniambia. Na hii elfu ishirini na saba na mia sita unamlipa nani? Kuna mtu anakupigia simu anakudanganya?"

"Hakuna mtu wa kunidanganya mimi, wajina."

"Basi niambie. Mimi natuma hela ya dawa, wewe unagawa nusu kwa watu nisiowajua. Ukianguka hapa nitamwambia nini mama?"

Bibi akaweka ungo chini, akaingia ndani. Kabula akasikia sanduku la bati likivutwa kutoka uvunguni. Bibi alirudi na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na stakabadhi, nyingine zimefifia hadi hazisomeki, za miaka ambayo watu walilipia dirishani kwa hela mkononi. Chini kabisa, ndani ya bahasha, ofa ya kiwanja. Nyegezi. Jina halikuwa la Bibi.

"Huyu ni Mama Koku," Bibi akasema. "Mwenzangu wa ndizi."

Akaanza kusimulia, tena kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kujisimulia peke yake mara nyingi. Mama Koku alikuwa akikusanya mikungu Kemondo na kuipakia melini. Bibi aliipokea bandarini Mwanza na kuiuza. Mali kauli, bila kuandikiana. Mwaka 1994 Mama Koku alipata kiwanja Nyegezi, akamwaga msingi wa vyumba viwili. Ofa akamwachia Bibi, maana nyumba yake ya kupanga ilikuwa inavuja. Mwezi wa tano mwaka 1996 alituma mikungu arobaini, akasema wiki inayofuata atakuja mwenyewe kuchukua hela yake na kupandisha tofali.

"Alipanda Bukoba?" Kabula akauliza. Mwanza hakuna anayehitaji kuelezwa ni ipi.

"Alipanda Bukoba. Mimi nilikuwa bandarini asubuhi ile, tarehe 21, siku ya Jumanne, hela yake nimeifunga kwenye pindo la kanga. Tukaambiwa meli imepinduka, iko pale pale karibu, Bwiru. Tukasema watatolewa, maana kuna watu wanagonga kutoka ndani. Wakatoboa bati wawatoe, upepo ukatoka, meli ikazama." Bibi akanyamaza kidogo. "Mama Koku sikumtambua. Labda yuko Igoma na wale waliozikwa pamoja. Huwa naenda Igoma, nasalimia wote."

"Na ile hela?"

"Ndiyo niliyoanzia kulipia kodi. Ningempelekea nani? Mumewe alishakufa. Mtoto alikuwa na miaka minne, wajomba wakamchukua. Nikasema kiwanja kisije kikachukuliwa kwa kukosa kodi, mtoto akikua atakuta kitu cha mama yake."

"Bibi, hela ya mikungu arobaini iliisha zamani."

"Iliisha. Koku ameisha?"

Kabula hakuwa na la kujibu. Akaichukua ofa, akaisoma kwa jicho la kazini. Chini ya ada na masharti ya ujenzi palikuwa na mstari wa taipureta: miaka 33, kuanzia 1 Julai 1994. Akahesabu, akahesabu tena.

"Hiki kiwanja kinaisha muda, Juni 2027."

"Si nalipa?"

"Kulipa kodi hakuongezi miaka. Mwenye kuomba muda uongezwe ni mwenye jina. Mwenye jina akiwa marehemu, mahakama inateua msimamizi wa mirathi, huyo ndiye anakwenda ardhi. Wewe hata ukilipa miaka mia, kwao ni mtu baki mwenye stakabadhi."

Hapo ndipo Bibi alipoonekana mzee. Mikono ilikuwa inapanga stakabadhi bila kuangalia, ya chini juu, ya juu chini. Miaka yote alikuwa akiamini kwamba anakilinda kiwanja kizima, kumbe alikuwa analinda upande mmoja.

"Kuna mtu analima mihogo pale, nilimruhusu mimi," akasema. "Msingi haujavunjwa. Mwezi wa saba nikitoka halmashauri kuchukua namba napitia kuuangalia."

Kabula akamaliza kupiga hesabu pembeni ya taarifa, kwa kalamu ile ile nyekundu. Koku sasa ana miaka thelathini na tatu. Mirathi huwa na tangazo, muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo. Kwa meli ya mwaka 1996, hicho cheti peke yake kinaweza kula miezi. Muda ulikuwepo, lakini si wa kupoteza.

"Dawa utameza nzima," akasema. "Kodi ya mwakani nitalipa mimi. Na Ijumaa naomba ruhusa kazini, naenda Kemondo."

"Na meli?"

"Na basi, Bibi. Siku hizi linapita juu ya daraja la Busisi, hakuna kungoja kivuko."

Bibi akatikisa kichwa, akaridhika. Akachomoa stakabadhi tatu ambazo jina la Mama Koku lilikuwa bado linasomeka, akazikunja ndani ya karatasi ya daftari, akampa. Ofa akairudisha kwenye bahasha.

"Hii inabaki. Wajomba wakiiona kabla ya mtoto, umeshakosa. Wewe muulizie Koku mwenyewe. Ana kovu la uji wa moto, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Alilipata hapa hapa kwangu. Ukiliona, ndipo umwambie habari ya kiwanja. Usipoliona, sema umekuja kununua ndizi."